Theluthi Inatoka Wapi?

Mchanga mkavu unaochekechwa kwenye kiwanja cha ujenzi haurundikani ovyo. Chembe zinazodondoka kileleni huporomoka kwenda chini mpaka pale mteremko unapozishikilia, na baada ya muda rundo zima huwa na umbo la pia: kitako cha duara chini, ncha moja juu, na ubavu ulioinama kwa nyuzi 34 hivi kila upande. Mchanga ulioloa husimama wima zaidi kwa kuwa maji hushikanisha chembe zake. Ule mkavu hauna hiari.

Tuchukue rundo moja la namna hiyo. Nusu kipenyo cha kitako chake ni mita 1.5, na kimo chake kutoka chini hadi nchani ni mita 1. Muuzaji na mnunuzi wanataka kujua jambo moja tu: hapo pana mita ngapi za ujazo? Mtu asiyeikumbuka kanuni ya shule mara nyingi huanza na umbo rahisi zaidi, yaani mcheduara wenye kitako hichohicho na kimo hichohicho. Ujazo wa mcheduara hauna fumbo: eneo la kitako mara kimo. Hapa ni 3.1416 × 1.5 × 1.5 × 1, ambayo ni mita za ujazo 7.07. Halafu anajiambia kwamba rundo linapungua kuelekea juu, na ukilitazama kwa ubavuni unaona pembetatu iliyokaa ndani ya mstatili. Pembetatu ni nusu ya mstatili, kwa hiyo rundo ni nusu ya mcheduara: mita za ujazo 3.53.

Hoja hiyo inavutia, na jibu lake si sahihi. Rundo lina mita za ujazo 2.36 tu. Tofauti inazidi mita moja ya ujazo, na mchanga mkavu wa kiasi hicho una uzito unaopita tani moja na nusu, mzigo ambao mnunuzi angeulipia bila kuupata.

Kanuni iliyokaririwa darasani inasema ujazo wa pia ni theluthi moja ya eneo la kitako mara kimo, yaani V = ⅓πr²h. Ya tufe, umbo la mpira, inasema V = 4/3 πr³. Wengi walifaulu mitihani kwa kanuni hizo bila kuambiwa theluthi hiyo imetoka wapi, na kwa nini haikuwa nusu. Jibu linapatikana kwa kulikata umbo vipande vyembamba na kuvihesabu kimoja kimoja, kazi isiyodai zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na uvumilivu kidogo.

Kisu cha kufikirika kipitishwe kwenye rundo kwa ulalo, sambamba na ardhi. Popote kitakapopita, uso unaobaki ni duara. Ukikata katikati ya kimo, nusu mita kutoka ardhini, nusu kipenyo cha duara hilo ni sentimita 75, yaani nusu ya kile cha kitako, kwa sababu ubavu wa pia umenyooka. Lakini eneo la duara halifuati nusu kipenyo, linafuata mraba wake. Nusu kipenyo kikipungua mara mbili, eneo hupungua mara nne. Kwa hiyo katikati ya kimo pia haijabakiwa na nusu ya eneo lake la chini. Imebakiwa na robo. Hapo ndipo hoja ya pembetatu inapovunjika. Pembetatu inasinyaa upande mmoja tu, upana wake, ilhali pia inasinyaa pande mbili kwa wakati mmoja.

Athari yake ni kubwa kuliko macho yanavyokubali. Sehemu yote ya juu ya rundo, kutoka katikati hadi nchani, ni pia ndogo yenye nusu ya kimo na robo ya kitako. Nusu mara robo ni thumni. Thumni moja ya mchanga wote iko nusu ya juu, na thumni saba ziko nusu ya chini.

Sasa kisu kipite mara nyingi zaidi, kila baada ya sentimita 10, na rundo ligawanyike matabaka kumi. Tukihesabu kutoka nchani, uso wa chini wa tabaka la kwanza una nusu kipenyo cha sentimita 15, wa la pili sentimita 30, wa la tatu 45, na kuendelea hivyo hadi tabaka la kumi lenye sentimita 150. Maeneo ya nyuso hizo huongezeka kwa miraba. La pili ni mara 4 ya la kwanza, la tatu ni mara 9, la nne mara 16, mpaka la kumi ambalo ni mara 100.

Kila tabaka lina kasoro moja ndogo: ukingo wake umeinama, kwa hiyo si mcheduara kamili. Badala ya kuhangaika na ukingo huo, tunahesabu mara mbili, na mara zote mbili tunakosea kwa makusudi. Kwanza kila tabaka lichukuliwe kuwa mcheduara mnene kama uso wake wa chini. Jumla itakuwa kubwa kuliko rundo lenyewe:

1 + 4 + 9 + 16 + 25 + 36 + 49 + 64 + 81 + 100 = 385

Mcheduara mzima unaolizunguka rundo ungekuwa na matabaka kumi yote ya ukubwa wa 100, yaani 1,000. Basi rundo halifiki 385 katika 1,000 ya mcheduara huo. Mara ya pili kila tabaka lichukuliwe kuwa jembamba kama uso wake wa juu. Tabaka la nchani litakuwa sifuri, lifuatalo 1, kisha 4, hadi 81. Jumla ni 285, nayo ni ndogo kuliko rundo. Kwa matabaka kumi tu tumeshajua kwamba rundo lina zaidi ya 0.285 na pungufu ya 0.385 ya mcheduara. Nusu, lile jibu lililovutia mwanzoni, imeshafungiwa nje.

Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni 100 katika 1,000, na halikutokea kwa bahati. Hesabu kubwa na hesabu ndogo zina matabaka yaleyale, isipokuwa ile kubwa ina tabaka moja zaidi, lile la chini kabisa. Pengo lote ni tabaka hilo moja. Ukitaka pengo dogo, kata matabaka membamba. Kwa matabaka 100 pengo ni sehemu moja ya mia: hesabu ndogo ni 0.32835 na kubwa ni 0.33835. Kwa matabaka 1,000 ni 0.3328 na 0.3338.

Hakuna anayejumlisha miraba elfu moja kwa mkono. Jumla ya miraba kutoka 1 hadi namba yoyote n inapatikana kwa n(n + 1)(2n + 1) ÷ 6. Kwa n = 10 ni 10 × 11 × 21 ÷ 6, yaani 385 ileile. Archimedes wa Sirakusa alizijua jumla za miraba katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanyia kazi Kairo, alisonga mbele hadi jumla za namba zilizozidishwa zenyewe mara nne, kwa sababu umbo alilolikata yeye, aina ya kuba lenye ubavu uliopinda, halikutosheka na miraba. Kwa pia, miraba inatosha. Jumla hiyo ikigawanywa kwa n³, ambayo ni hesabu ya mcheduara mzima, inabaki hivi:

1/3 + 1/(2n) + 1/(6n²)

Hesabu ndogo ni hivyohivyo, ila sehemu ya katikati inatolewa badala ya kujumlishwa. Kadiri n inavyokua, vipande viwili vya mwisho vinayeyuka. Theluthi haiguswi.

Mbishi anaweza kusema kwamba huko ni kukaribia, si kufika. Labda namba ya kweli ni 0.334? Basi na akate matabaka 1,000: hesabu kubwa, ambayo daima inazidi rundo, ni 0.33383, nayo tayari iko chini ya namba yake. Labda ni 0.333? Matabaka 1,000 hayatoshi kumkamata, lakini kwa 10,000 hesabu ndogo inafika 0.33328 na kuipita. Namba yoyote atakayoitaja tofauti na theluthi, hata iwe karibu kiasi gani, kuna idadi ya matabaka itakayoitupa nje. Inayobaki ndani kila mara ni moja tu. Wagiriki walifunga hoja zao kwa mtindo huohuo, na Archimedes mwenyewe aliandika kwamba Demokrito ndiye aliyeitaja theluthi kwanza bila uthibitisho, na Eudokso akaja kuithibitisha.

Demokrito alikuwa na shaka yake, iliyohifadhiwa katika maandishi ya Plutarko. Ukiikata pia sambamba na kitako chake, unapata nyuso mbili zinazotazamana, moja ya kipande cha juu na nyingine ya kipande cha chini. Je, ni sawa au si sawa? Kama si sawa, pia ina vidato kama ngazi na ubavu wake si laini. Kama ni sawa, basi kila uso ni sawa na unaoufuata, na pia inageuka kuwa mcheduara. Swali ni kali kuliko linavyosikika. Hesabu ya matabaka inalikwepa kwa ustadi: haisemi popote kwamba pia imeundwa kwa vidato. Inasema imebanwa kati ya ngazi mbili zenye vidato, moja iko ndani yake na nyingine nje, na ngazi hizo zinaweza kusogezwa karibu kadiri mtu atakavyo.

Turudi kwenye mchanga tulinganishe na kanuni. ⅓ × 3.1416 × 2.25 × 1 ni mita za ujazo 2.356. Hesabu ndogo ya matabaka kumi ilikuwa 0.285 ya 7.07, yaani 2.01, na kubwa 2.72. Wastani wa hizo mbili ni 2.368, umezidi kwa lita 12 hivi katika rundo lenye lita zaidi ya 2,300. Kwa kazi ya matabaka kumi si haba.

Kiwanjani makosa huingia kwa mlango mwingine. Hakuna awezaye kupitisha futi kamba katikati ya rundo kupima nusu kipenyo, kwa hiyo hupimwa mzingo wa chini, hapa mita 9.42, kisha hugawanywa kwa 6.28. Hilo ni sawa. Taabu ni kimo. Kipimo kilicho rahisi kuchukua ni urefu wa ubavu, kutoka ardhini hadi nchani kwa kufuata mteremko, na hapa ubavu una mita 1.80. Anayeuweka huo mahali pa kimo anapata mita za ujazo 4.25, kosa baya kuliko lile la nusu. Kimo ni umbali wa wima, na Pithagorasi anakitoa bila shida: mraba wa ubavu (3.25) toa mraba wa nusu kipenyo (2.25) ni 1, na kipeuo cha pili cha 1 ni 1.

Tufe linaonekana gumu zaidi kwa sababu ubavu wake umepinda. Kisu kilekile kinafanya kazi, na Pithagorasi bado yupo. Chukua nusu tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, likiwa limelala kwenye uso wake bapa. Likate kwa ulalo sentimita 6 kutoka chini. Kutoka kitovu cha kitako hadi ukingo wa mkato ni sentimita 10, kwa kuwa kila sehemu ya ngozi ya tufe iko umbali huo kutoka kitovuni. Hiyo 10 ndiyo upande mrefu wa pembetatu mraba, 6 ni kimo, na upande wa tatu, ambao ndio nusu kipenyo cha mkato, ni 8. Eneo la mkato ni π × 64. Ukikata kwenye kimo cha 8 unapata nusu kipenyo cha 6 na eneo la π × 36. Kwa jumla, kwenye kimo chochote h, eneo ni π × (100 − h²).

Tazama kilichotokea. Miraba imerejea, safari hii ikitolewa. Matabaka kumi ya unene wa sentimita moja yakihesabiwa kwa uso wa chini yana 100, 99, 96, 91, na kuendelea hadi 19. Jumla ni 1,000 toa 285, yaani 715. Kwa uso wa juu ni 1,000 toa 385, yaani 615. Ni namba zilezile za rundo la mchanga, 285 na 385, zimebadilishana nafasi. Hakuna hesabu mpya ya kufanya. Tunajua tayari kwamba matabaka yakiongezeka namba hizo hukutana kwenye theluthi ya 1,000, kwa hiyo nusu tufe lina theluthi mbili za 1,000, mara π: sentimita za ujazo 2,094. Tufe zima ni mara mbili ya hapo, 4,189. Kanuni inasema 4/3 × 3.1416 × 1,000, ambayo ni 4,189.

Theluthi mbili hizo zinaweza kuonekana kwa macho bila kujumlisha chochote, na pengine hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Karibu na nusu tufe lile weka mcheduara wenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 10. Uchimbe shimo la umbo la pia, mdomo wake ukiwa uso wote wa juu na ncha yake ikigusa katikati ya kitako. Sasa kata maumbo yote mawili kwa kimo kimoja, tuseme sentimita 6. Upande wa nusu tufe unapata duara la eneo π × 64. Upande wa mcheduara unapata pete: ukingo wa nje una nusu kipenyo cha 10, na shimo, ambalo kwenye kimo cha 6 limepanuka hadi nusu kipenyo cha 6 hasa, linaondoa π × 36. Kinachobaki ni π × 64. Kata kwenye 8, kata kwenye 3, kata popote. Duara na pete vina eneo moja daima, kwa sababu π × 100 toa π × h² ni kitu kimoja pande zote mbili.

Kama kila tabaka la umbo moja lina mwenzake wa eneo lilelile kwenye umbo la pili, ujazo wa maumbo hayo ni sawa. Nusu tufe, basi, ni mcheduara uliotolewa pia yake: zima toa theluthi.

Wazungu huiita kanuni hiyo ya ulinganifu wa mikato kwa jina la Bonaventura Cavalieri, profesa wa Bologna aliyechapisha kitabu chake mwaka 1635. Wachina walikuwa nayo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Kitabu chao cha kale cha hisabati, kile cha sura tisa, kilitumia kanuni ya tufe iliyokuwa sawa na 9/16 ya kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Kwa tufe letu la kipenyo cha sentimita 20 ingetoa 4,500 badala ya 4,189, ikizidi kwa zaidi ya asilimia saba. Mwaka 263 Liu Hui alionyesha kosa lilipo. Alibuni umbo la kusaidia, lile linalobaki pale micheduara miwili inapopitana kwa pembe mraba ndani ya mchemraba, lakini akashindwa kupata ujazo wake, naye akakiri hivyo kwa maandishi na kuwaachia wa baadaye. Fumbo lilifumbuliwa na Zu Geng, mwana wa mwanahisabati Zu Chongzhi, kwa kulinganisha mikato ya kimo kimoja.

Archimedes alikuwa amefika kwa njia yake mwenyewe. Katika barua aliyomwandikia Eratosthene, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo na msimamizi wa maktaba ya Aleksandria, alieleza jinsi alivyokata tufe, pia na mcheduara kwa kisu kimoja, akavining'iniza vipande kwenye mizani ya kufikirika na kuona vinavyolingana. Aliiona kuwa njia ya kugundua tu, si uthibitisho, na uthibitisho akauandika kwingine. Barua hiyo ilipotea kwa karne nyingi. Nakala yake iliyoandikwa kwenye ngozi ilikuwa imekwanguliwa na kuandikwa sala juu yake, na mwaka 1906 Mdenmaki Johan Ludvig Heiberg aliisoma mjini Istanbul chini ya maandishi ya sala. Ugunduzi aliojivunia zaidi Archimedes ulikuwa huu wa tufe na mcheduara unaolizunguka barabara, kiasi cha kuchongwa kwenye kaburi lake. Kwa alama hiyo ndipo Cicero, akiwa ofisa wa Roma huko Sisilia mwaka 75 kabla ya Kristo, alilitambua kaburi katikati ya vichaka na miiba. Ukiweka ndani ya mcheduara huohuo pia yenye kitako na kimo chake, ujazo wa pia, tufe na mcheduara unakuwa 1 kwa 2 kwa 3.

Asiyeamini karatasi anaweza kutumia maji. Mpira wa miguu wa ukubwa wa 5 unatakiwa uwe na mzingo wa kati ya sentimita 68 na 70. Kwa mzingo wa 69, nusu kipenyo ni 10.98, na kanuni inatoa sentimita za ujazo 5,545, yaani lita tano na nusu. Ndoo ijazwe mpaka ukingoni, iwekwe ndani ya beseni, mpira uzamishwe wote, na maji yaliyomwagika yapimwe kwenye mizani, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Kuuzamisha kunahitaji nguvu: maji yanausukuma juu kwa uzito wa kilo tano na nusu, na mpira wenyewe hauna hata nusu kilo. Mkono ukiingia majini, nao unamwaga maji yake, kwa hiyo heri kusukuma kwa kijiti chembamba.

Majibu yakitofautiana, mtu asikimbilie kuilaumu kanuni. Nusu kipenyo kinazidishwa chenyewe mara tatu, na kosa lake huongezeka mara tatu hivi. Mpira wa mzingo wa 68 una lita 5.31, wa 70 una lita 5.79. Sentimita mbili za futi kamba zimezaa karibu nusu lita. Na anayeweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo anapata jibu kubwa mara nane, lita 44 ndani ya mpira mmoja, kosa ambalo angalau linajitangaza lenyewe.

Kuna mahali ambapo kukata matabaka kunadanganya. Tuseme mvua inakuja na rundo letu la mchanga linahitaji kufunikwa kwa turubai. Ni kishawishi kusema: eneo la ubavu ni jumla ya kingo za matabaka, kila ukingo ukiwa mzingo wake mara unene wa tabaka. Ukijumlisha hivyo, hata kwa matabaka milioni moja, unapata π × 1.5 × 1, mita za mraba 4.71. Turubai la ukubwa huo litaacha karibu nusu ya mchanga nje, kwa maana ubavu wa kweli una mita za mraba 8.50.

Kwa ujazo, kosa la kila tabaka lilikuwa limebanwa kati ya ngazi mbili, na tabaka likipungua unene kosa lilipungua kuliko tabaka lenyewe. Kwa eneo la ubavu hakuna kinachobana. Tabaka la unene wa sentimita 10 lina ukingo ulioinama wa sentimita 18. La sentimita 1 lina wa 1.8, la milimita 1 lina wa milimita 1.8. Uwiano haubadiliki, na kosa haliondoki hata kisu kiwe chembamba kiasi gani. Dawa ni kupima kila ukanda kwa upana wake wa mteremko, na kwa pia hiyo inatoa π × 1.5 × 1.80, zile mita 8.50.

Kwa tufe, dawa hiyohiyo inatoa jambo ambalo kwa mara ya kwanza huonekana kama limepangwa. Kwenye kimo cha sentimita 6, tufe letu lina nusu kipenyo cha mkato cha 8, na ukanda wa tabaka lenye unene mdogo umeinama kwa uwiano wa 10 kwa 8. Mzingo umepungua kuwa thumni... la, kuwa 8 katika 10 ya mzingo mkubwa, na upana umeongezeka kuwa 10 katika 8 ya unene. Viwili hivyo vinafutana kabisa. Ukanda huo una eneo sawa na ukanda wa unene huohuo kwenye mcheduara unaolizunguka tufe, na ndivyo ilivyo kwa kila kimo, kuanzia kwenye kitovu hadi karibu na ncha. Ngozi yote ya tufe ina eneo la ubavu wa mcheduara huo: mzingo wa 2π × 10 mara kimo cha 20, sentimita za mraba 1,257, ambazo ndizo zinazotolewa na kanuni ya 4πr².